Tangazo la Salamabila Lilisema na Nani

Mimi ni mwalimu wa Kiarabu hapa Kasongo, na subira sina. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na majirani pia. Mtu akiniletea karatasi na kuniambia, "Malimu, tafsiri tu, ni maneno kidogo," damu inanipanda. Maneno kidogo! Maneno kidogo ndiyo yenye kazi kubwa.

Kiswahili chetu kina moyo mpana. Ukiandika ukutani "Ngoja hapa," umekwisha kusema na baba, na mama, na muzee mwenye fimbo. Kila apitaye anajihesabu. Tunaweza kusema "mungoje" tukitaka kuonyesha kwamba watu ni wengi, lakini kwenye matangazo nani anajisumbua? Kiarabu hakikubali uvivu huo. Mwanaume utamwambia intadhir. Mwanamke utamwambia intadhiri, na ile i ya mwisho unaivuta. Wakiwa wengi, intadhiru. Wakiwa wanawake watupu wana neno lao, intadhirna, lakini aingie mwanaume mmoja katikati yao, hata kama alikuja kuuza makaa tu, sheria ya vitabuni inaigeuza sentensi nzima imfuate yeye. Wasichana wangu hununa kila mwaka tukifika hapo. Ninawaambia wanune haraka tuendelee, maana mimi nilinuna kabla yao.

Aliyenifundisha ni baba yangu. Alisomesha watoto kwenye baraza ya nyumba yetu, nyuma ya soko, na watu walikuwa wakimletea kila kitu chenye maandishi ya Kiarabu: sanduku la dawa, mfuko wa tende, kibao cha kisima. Kabla ya kutafsiri neno lolote aliuliza swali moja: "Nani iko nakaa mbele yake?" Siyo maandishi yanasema nini. Nani anakaa mbele yake. Kama mwenye karatasi hakujua, baba alivaa viatu vyake na kwenda kuona mahali penyewe kwa macho. Watu walimcheka. Walisema huyu muzee anatafuta sababu ya kutembea tu. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana nilikuwa naona haya, nikimwona anasimama mbele ya kibao anawaangalia wanawake wenye madumu badala ya kuangalia maandishi. Leo namshukuru kila siku ya Mungu, na nitaeleza kwa nini.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza darasa la mchana, nimekaa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo. Simu yangu ilikuwa dirishani, pale pekee reseau, yaani mtandao, inapopatikana nyumbani kwangu. Ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena. Nikasonya, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaenda kuangalia.

Alikuwa bibi, yaani mke, wa mwanafunzi wangu wa zamani. Kijana huyo ni wa Wamaza, upande wa Salamabila, alisoma kwangu tangu alif, kisha akaenda Khartoum kuendelea na masomo, akaoa huko huko. Vita ilipoanza kule walikimbia, wakazunguka nchi za watu, mpaka wakafika kwa wazazi wake Wamaza wakiwa na begi moja na mimba changa. Sasa mimba ilikuwa imekomaa. Mume alikuwa akifanya biashara ndogo Salamabila, kwenye migodi ya zahabu, na wiki hiyo alikuwa ameenda Bukavu kuleta mali. Kabla ya kuondoka alimwachia bibi yake namba yangu. Alimwambia, "Ukikwama na lugha, uliza Malimu wangu. Atakugombeza, lakini atakujibu." Nilikuja kuambiwa hivyo baadaye. Tabia yangu inanitangulia, mimi nifanyeje.

Huyo mwanamke sikuwa nimemwona kwa macho. Tulikuwa tumesalimiana kwa sauti za simu tu. Kiswahili chake kilikuwa "jambo," "asante," na "maji." Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, mama mwema wa Kibangubangu asiyejua Kiarabu wala kusoma. Mchana kutwa wawili hao walizungumza kwa mikono.

Alinitumia picha. Ilikuwa ya karatasi ngumu iliyobandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono na wino mzito, na chini yake aliandika kwamba yuko kwenye sentre ya afya ya Salamabila, amekuja kupimwa mimba. Karatasi ilisema hivi:

Kuja na karte, kitenge na beseni.
Nawa mikono.
Ngoja inje mpaka uitwe.
Ukiona damu, ao kichwa inauma sana, ao macho inaona giza, usingoje, ingia.
Usitoke bila kuaga.
Usilale ndani.

Basi, hiyo tu. Juu hakuna kichwa cha habari, chini hakuna sahihi. Haikusema "wamama wa mimba," haikusema "walinzi wa wagonjwa," haikusema mtu yeyote.

Akaniandikia kwa Kiarabu kizuri, cha mtu aliyesoma. Alisema mume wake alimwekea kwenye simu ile programu inayotafsiri picha, naye ameipitisha juu ya karatasi. Programu imemwambia kila kitu kwa kiume. Intadhir, ngoja wewe mwanaume. Udkhul, ingia wewe mwanaume. Aliandika: "Najua matangazo kwetu pia husema kwa kiume na maana yake ni watu wote. Lakini mengine hapa naona hayanihusu. Karibu yangu amekaa mwanaume wa mgodini, mguu umefungwa kitambaa chenye damu. Nafikiri mstari wa damu ni wake yeye. Na ule wa kungoja nje, ni wangu, au ni wake, au ni wetu sote? Samahani kwa kukusumbua, ustadha. Sitaki kuingia mahali nisipoitwa."

Nilisimama pale dirishani na mchi mkononi. Swali lake lilikuwa swali la baba yangu kabisa, na mtu huyu baba yangu hakumjua.

Jibu la haraka lilikuwepo. Yeye ni mwanamke, kwa hiyo geuza yote yawe ya kike: intadhiri, udkhuli, imekwisha, rudi kwenye sombe. Mwalimu mwingine angefanya hivyo, na angeonekana mwenye adabu, maana kumsemesha mwanamke kwa kiume kunakuwa kama kusema na ukuta. Au ningeweka wingi, intadhiru, mungoje wote, nao ungekuwa Kiarabu safi kisicho na kosa. Lakini ningekuwa nimemwambia mimi, kwa ulimi wake mwenyewe, akae nje. Karatasi haikuwa imemwambia hivyo bado. Ningekuwa mimi.

Nikamwandikia: "Rudi nyuma. Piga picha nyingine. Sitaki karatasi, nataka ukuta wote, na mlango, na watu."

Nafikiri alishangaa. Reseau ya Salamabila siku hiyo ilikuwa ya kuombea dua. Nikajaribu kumpigia, simu ikakatika kabla ya kulia. Nikajaribu tena, ikakatika. Nikaona nimeanza kuisemesha simu maneno mabaya, jirani yangu akachungulia juu ya ua akauliza, "Malimu, unapigana na nani tena?" Nikamwambia napigana na ukuta wa Salamabila. Akacheka akaenda zake.

Picha ikafika, kwanza ukungu, halafu ikafunguka polepole.

Niliona ukuta mweupe, karatasi yetu katikati, na mlango upande wa kuume. Chini ya ukuta benchi ndefu. Yule mwanaume wa mgodini alikuwa pale mwanzoni, mguu mbele. Mwingine ameshika baiskeli. Kisha wanawake, wamejipanga: mmoja ana thermos, mmoja ana beseni lenye vitenge ndani, mmoja anachambua mchele kwenye ungo, mmoja amesinzia. Niliwaangalia kama baba alivyokuwa akiangalia wale wa madumu. Niliwaangalia mmoja mmoja, na nilipofika mwisho wa benchi nikapiga kelele peke yangu.

Hapakuwa na hata tumbo moja!

Ala! Kliniki ya mimba, na nje hakuna mimba? Kumbe wenye mimba wote walikuwa ndani. Hawa wanawake wa benchi walikuwa walinzi wa wagonjwa, wale tunaowaita garde-malade: dada, shangazi, mama mkwe, jirani. Ndipo nikakumbuka nilivyozaa mimi. Karatasi ya hospitali haisemi na mgonjwa. Mgonjwa muganga anamsemesha kwa kinywa. Karatasi inasema na mlinzi, maana ndiye anayebeba beseni, ndiye anayepika nje, ndiye anayetaka kulala ndani chini ya kitanda na kufukuzwa. Dada yangu mkubwa ndiye aliyesoma ukuta mimi nikiwa nimelala. Kwetu hakuna asiyejua hivyo, ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kuandika juu, "Ee mlinzi." Mwenyeji anajua mstari wake ni upi. Lakini mgeni ni kuku mweupe, na hata kuku mweupe mwenye digrii hawezi kusoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Mstari mmoja tu ulikuwa wa mwenye mimba mwenyewe. Wa damu, wa kichwa, wa macho. Na huo ndio alioutoa akampa mwanaume wa mgodini, kwa sababu mtu mwenye damu alikuwa karibu na kitenzi kilikuwa cha kiume. Nani atamlaumu? Salamabila watu wa damu ni wa mashimoni.

Niliweka mchi chini, nikaandika. Kwanza: "Ayyuha al-murafiqun, intadhiru fi al-kharij." Enyi wasindikizaji, ngojeni nje. Niliweka jina la watu mbele ya kitenzi ili asibaki hata na shaka ya punje. Halafu, mstari mpya: "Amma anti, fadkhuli." Lakini wewe mwanamke, ingia. Halafu ule wa hatari niliuandika wote kwa kike, polepole, kila neno na mwisho wake: ukiona damu wewe mama, kichwa chako kikiuma sana, macho yako yakiona giza, usingoje. Na mwisho nikauliza, kwa kike pia: "Una kitu chochote katika hivi?"

Tiki moja. Muda mrefu tiki moja. Kisha mbili.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Kichwa tangu jana. Leo naona nyota-nyota. Nilifikiri ni jua na pikipiki."

Mungu wangu. Maneno hayo nayajua. Mdogo wangu wa tumbo moja aliyasema jikoni kwangu, kichwa na nyota-nyota, na sisi tukamwambia alale kidogo. Tulimzika na mimba yake. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.

Sikumjibu yeye kwanza. Nilirekodi sauti kwa ajili ya mama mkwe wake, kwa Kiswahili chetu, na nilipaza kana kwamba Salamabila iko ng'ambo ya barabara: "Mama! Mimi Malimu wa Kasongo. Mushike mukono bibi ya mutoto wako, muingie naye ndani sasa hivi, usingoje kuitwa. Uambie muganga: kichwa inamuuma, macho inaona nyota. Kichwa na macho, mama, usisahau ata moja. Kama wanakuzuia kwa mulango, piga kelele!" Kisha nikamwandikia yule binti maneno matatu tu: mpe mamako simu.

Baadaye mama mkwe alinisimulia mwenyewe, na akisimulia anapiga magoti yake kwa viganja. Alisema walikuwa wamefika asubuhi. Infirmière, yule muuguzi, alitoka mara moja kuita, "Wamama ya mimba, muingie!" lakini yeye wakati huo alikuwa ameenda kutafuta uji, na bibi ya mutoto wake hakuelewa. Aliporudi alimkuta amekaa palepale. Akamwonyesha mlango. Binti akamwonyesha simu, akaonyesha karatasi, akaweka kidole kwenye midomo na kukaa. "Nami nikasema, aa, huyu alisoma, simu yake pia ilisoma, mimi sikusoma. Kama karatasi imesema akae, mimi nani?" Akamfunika kichwa kwa kitenge asipigwe na jua. Alimpenda, si kwamba alimtupa. Wote wawili walikuwa na adabu, kila mmoja kwa upande wake, na adabu hiyo ilikuwa inamuua mtu.

Sauti yangu ilipofika hakungoja iishe. Alimnyanyua binti kwa kwapa, akasukuma mlango, na alipoulizwa anakwenda wapi akapiga kelele kama nilivyomwagiza, na akaongeza za kwake kwa Kibangubangu. Infirmière aliacha alichokuwa anafanya. Alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akaangalia, akapima tena, akamlaza hapo hapo na kumwita muganga mkuu. Presha ilikuwa imepanda mpaka juu. Wakamchoma sindano, wakaweka mtu wa kukaa naye, na wakaamua mtoto atolewe bila kukawia.

Hayo yote mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba simu imenyamaza. Sombe ililala kwenye kinu. Nilipiga, haikupita. Nilimpigia mume Bukavu, yeye alipatikana, nikamwambia yote. Kisha akasema, "Malimu, alikuuliza? Alikuuliza yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaanza kulia. Akasema yule mwanamke tangu watoke Khartoum hakuwa ameuliza mtu kitu chochote. Mipakani, kambini, kwa ndugu zake, alikuwa anapokea tu anachopewa na kusema asante. Alikuwa ameona kwamba mkimbizi akiuliza sana anafukuzwa.

Tunasema kuuliza si ujinga, na tunasema hivyo kwa watoto ili watuachie tupumzike. Mimi usiku ule nililala nikimshukuru mtu niliyekuwa sijamwona uso, kwa sababu alithubutu kuniuliza: ni yangu, au yake, au yetu sote? Angenyamaza, karatasi isingemjibu. Programu ilikuwa imemjibu kwa uhakika wote, bila kumuuliza yeye ni nani. Nilimshukuru baba yangu na viatu vyake. Nilimshukuru yule mama mwenye ungo wa mchele, ambaye hajui hata leo kwamba nilimtazama tumbo.

Asubuhi nilikuwa nafundisha. Sheria yangu darasani ni simu zizimwe, na ya kwangu ilikuwa mezani, imewashwa, katikati ya vitabu. Wasichana waliiona, hakuna aliyethubutu kusema. Ikalia. Nikaiweka sikioni mbele yao wote.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe, imekauka kwa kukesha: "Malimu, mutoto amefika. Mama yake iko muzima. Amekunywa uji."

Nililia mbele ya darasa. Sikujificha. Wasichana wakaanza kupiga vigelegele bila kujua wanapigia nini, na mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna arusi gani.

Walipotulia nilikaa nimwandikie yule binti hongera. Na mkono ukakwama! Mutoto amefika. Mtoto gani? Wa kiume au wa kike? Kiswahili chetu kilikuwa kimemficha tena, kwa ukarimu wake ule ule, na Kiarabu kilikuwa kinaningoja na milango yake miwili. Ningeweza kuuliza. Lakini kuna neno lingine, nalifundisha kila mwaka na kila mwaka wananiuliza nani atalitumia maishani: neno la kuwasemesha watu wawili, wawili tu, ambalo halijali kama ni mwanaume au mwanamke. Kule kwao hawalisemi tena wanapozungumza, liko vitabuni tu.

Nikaandika: "Salimtuma." Mmesalimika, nyinyi wawili, mama na mtoto.

Alikawia kujibu, nafikiri alikuwa na mkono mmoja tu wa kuandikia. Kisha likaja neno lake, peke yake katikati ya simu: "Wawili." Alikuwa ameliandika kwa Kiswahili.